Karatasi ya majibu ya kinyama inasema nini?

Huenda wewe ndiye uliyechukuliwa kinyama hospitalini na sasa unasubiri majibu. Au ni mama yako, shangazi au dada yako, na siku majibu yakitoka utaitwa wewe uyasome kwa kuwa ndiye uliyefika sekondari. "Hebu njoo utusomee hapa, mwanangu." Unaishika karatasi, na Kiingereza chote cha Kidato cha Nne kinaishia kwenye jina na tarehe. Kuanzia hapo kuna displasia, binaini, majinzi, gredi. Mama anakutazama usoni. Utasema nini?

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, na wanateleza pande mbili. Wako wanaoona namba 3 kwenye karatasi wakasema, "Basi, ni saratani hatua ya tatu, tumwachie Mungu." Mgonjwa anarudi nyumbani kungoja kifo, wakati ugonjwa wake ulikuwa bado unaondolewa kwa dakika chache. Wako pia wanaoona neno binaini, wakafurahi na kuitupa karatasi, na damu inaendelea kutoka miezi sita mingine. Makosa yote mawili yanaanzia kwenye neno ambalo hakuna aliyelieleza.

Leo tutazungumzia kinyama kinachochukuliwa kwenye mlango wa kizazi, kwa sababu saratani ya sehemu hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na kwa sababu maneno hayo manne yote yanakutana hapo.

KINYAMA KINAENDA WAPI?

Kwa kawaida safari huanza na kipimo cha siki. Muuguzi anapaka siki isiyo kali kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, kisha anaangalia. Sehemu yenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Siku hizi pia kuna kipimo cha kutafuta virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Lakini vipimo hivi viwili haviwezi kukuambia kama una saratani. Vinasema tu kwamba pana kitu cha kuangaliwa. Anayeamua ni yule anayekitazama kinyama chenyewe kwa hadubini.

Daktari anatumia mkasi maalumu kung'ata kipande cha milimita 3 hadi 5, yaani kama punje ya mchele. Mara nyingi anachukua vipande viwili au zaidi kutoka sehemu zinazotia shaka. Kipande kinatumbukizwa kwenye fomalini, dawa inayokizuia kisioze. Kisha kinasafirishwa hadi maabara yenye daktari wa patholojia. Madaktari hao ni wachache nchini, kwa hiyo sampuli nyingi za mikoani huenda kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando.

Huko kinyama kinakaushwa maji kwa spiriti, kinagandishwa ndani ya nta, kisha kinakatwa vipande vyembamba sana, vyembamba kuliko unywele. Vinapakwa rangi mbili: moja inageuza viini vya seli kuwa vya zambarau, nyingine inageuza sehemu iliyobaki kuwa ya waridi. Ndipo daktari anaangalia. Kazi ya maabara yenyewe ni ya siku kadhaa. Kinachokula wiki ni safari, foleni, na karatasi kurudi ilikotoka. Kwa hiyo majibu kuchelewa si dalili kwamba ni mabaya. Ila ukipita muda ulioambiwa, usikae kimya. Rudi na namba ya sampuli uliyopewa, uulize, kwani sampuli huweza kupotea, kukauka njiani au kuandikwa vibaya.

ANZIA JUU, KISHA RUKA CHINI

Majibu yakifika, anza na jina. Si utani. Angalia jina, umri, tarehe kinyama kilipochukuliwa na sehemu kilipotoka. Kama mama ana miaka 41 na karatasi inasema 27, simama hapo hapo. Usisome zaidi. Irudishe dirishani waitafute ya kwake.

Kama viko sawa, utakutana na maelezo ya kinyama kilivyoonekana kwa macho: rangi, idadi ya vipande, milimita. Hayo hayana hatari yoyote, ni sawa na muuza duka kuandika alichopokea. Halafu yanafuata maelezo ya hadubini, ambayo ni marefu na yana maneno magumu kuliko yote. Daktari wa patholojia anamwandikia daktari mwenzake hapo, si wewe. Yaruke kwanza. Shuka hadi mwisho kwenye hitimisho, mstari mmoja au miwili. Jibu liko hapo.

BINAINI: SI SARATANI, LAKINI SI LAZIMA KUWA HAKUNA UGONJWA

Binaini maana yake ni kwamba kilichoonekana si saratani. Hakivamii nyama ya jirani wala hakisafiri mwilini. Kinyume chake ni malignanti, yaani saratani.

Sasa, binaini ni jina la kundi, halitaji ugonjwa mmoja. Ndani yake kuna uvimbe mdogo unaoning'inia kama kikonyo, kuna vifuko vya ute ambavyo havina madhara, na kuna uvimbe wa maambukizi ya muda mrefu, ambao huandikwa mara nyingi sana. Kwa sisi wa Dakawa na mabonde mengine ya mpunga, ambako watu hushinda na miguu majini, kuna jambo jingine la kukumbuka. Mayai ya kichocho huweza kukwama kwenye mlango wa kizazi, yakaleta vidonda na damu baada ya tendo la ndoa, hata mtu akadhani ni saratani. Daktari wa patholojia akiyaona ataandika. Ni binaini, lakini inataka dawa, yaani vidonge vya prazikwanteli, si kurudi nyumbani tu.

Kwa hiyo ukisoma binaini, uliza swali la pili: binaini ya nini?

Halafu kumbuka kwamba karatasi inazungumzia punje ile ya mchele tu. Haizungumzii mlango wote wa kizazi. Kama kilichong'atwa kilikuwa pembeni ya ugonjwa, jibu litakuwa safi na ugonjwa utabaki. Ndiyo maana daktari wa patholojia huandika kwa tahadhari kwamba hakuna saratani katika sampuli hii. Wakati mwingine ataandika kwamba kinyama hakikutosha. Hilo si jibu zuri wala baya, ni ombi la kuchukua kingine. Na kama majibu ni binaini lakini damu bado inatoka, au usaha wenye harufu hauishi, rudi. Dalili ina haki ya kubishana na karatasi.

DISPLASIA: MPUNGA PORI NDANI YA JARUBA

Neno hili ndilo linalotisha watu kuliko linavyostahili. Displasia maana yake ni seli zilizoanza kukua ovyo. Umbo lake si la kawaida, viini vyake vimekuwa vikubwa na vyeusi, na hazijapangika. Lakini bado ziko mahali pake.

Aliyewahi kupalilia mpunga ataelewa upesi. Mpunga pori unaota ndani ya jaruba, unafanana na mpunga lakini si mpunga. Mradi uko ndani ya jaruba lako, unaweza kuung'oa. Taabu ni ukivuka tuta.

Ngozi laini ya mlango wa kizazi ina tabaka za seli, na chini yake kuna utando mwembamba. Huo utando ndio tuta letu. Displasia iko juu ya utando. Seli zikivuka utando na kuingia nyama ya chini, hapo ndipo inaitwa saratani, na karatasi itaandika kwamba kuna uvamizi. Kwa hiyo displasia si saratani. Ni hali inayoweza kuwa saratani ikiachwa.

Displasia ya hapa hupewa herufi tatu, CIN, na namba. Namba inapima jambo moja tu: seli mbovu zimepanda hadi wapi kutoka chini kwenda juu. CIN 1, zimejaza theluthi ya chini. CIN 2, zimefika theluthi ya pili. CIN 3, zimepita hapo, pengine zimejaza unene wote. Maabara nyingine siku hizi hazitaji namba, zinaandika gredi ya chini au gredi ya juu. Gredi ya chini inalingana na CIN 1, na gredi ya juu ni CIN 2 na CIN 3.

Tofauti hii ina maana kubwa. CIN 1 mara nyingi ni alama tu kwamba kirusi cha HPV kipo, na kwa wengi inapotea yenyewe katika mwaka mmoja au miwili mwili unapokishinda kirusi. Ndiyo maana daktari anaweza kusema, "Tutakuangalia tena," asikukate chochote. Hajakupuuza. CIN 3 ni kitu kingine. Kule New Zealand, katika hospitali moja ya Auckland, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970 kuna wanawake wenye hali hiyo ambao hawakutibiwa ipasavyo. Watafiti walipofuatilia mafaili yao na kutoa matokeo mwaka 2008, ilionekana kwamba katika kila 100 walioachwa hivyo, kama 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kutoka hapo tunajifunza mawili. Kuiacha CIN 3 ni hatari kweli. Lakini pia haikimbii kama moto wa kichaka, kwa hiyo muda wa kutibiwa upo. Kwa anayeishi na VVU mwendo wake ni wa haraka zaidi, na ndiyo sababu huitwa kupimwa mara kwa mara kuliko wengine.

TUSOME KARATASI MOJA PAMOJA

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa Dakawa, miaka 41, mkulima wa mpunga. Alipimwa kwa siki, ikaonekana sehemu nyeupe kubwa, akachukuliwa kinyama. Karatasi yake kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Vipande 2, milimita 3 na 4. Hitimisho: displasia ya gredi ya juu, CIN 3. Hakuna uvamizi ulioonekana katika sampuli hii."

Mwanawe wa Kidato cha Tatu anasoma, na mama anauliza, "Hiyo tatu ndiyo hatua ya tatu, siyo?"

Jibu ni hapana, mama. Hatua ya tatu ni ya saratani iliyokwisha kuenea kwenye nyonga, na hatua haipatikani kwa kutazama punje moja. Daktari huipata kwa kumpima mgonjwa mwenyewe na kwa picha. Tatu ya kwenye karatasi hii inasema jaruba limejaa mpunga pori. Mstari wa mwisho unasema tuta halijavukwa, kwa kadiri punje mbili zinavyoonyesha. Kwa maneno mengine: huna saratani iliyoonekana, una kitu cha kuondolewa sasa, na ukishaondolewa tutakuwa na hakika zaidi.

Sehemu ikiwa ndogo na inaonekana yote, pengine ingegandishwa au kuunguzwa kwa joto tu. Ya huyu mama ni kubwa, kwa hiyo daktari anashauri kuikata kwa waya mwembamba wenye umeme. Hufanyika akiwa macho, baada ya kuchomwa sindano ya ganzi, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kipande kinachotoka ni kikubwa kuliko punje, na hakitupwi. Kinapelekwa tena maabara, na hapo linakuja neno la nne.

MAJINZI: WALA SI MAJINI

Usicheke, wapo waliosikia neno hili kliniki wakadhani daktari anazungumzia majini. Majinzi ni kingo za kipande kilichokatwa, yaani pale kisu au waya ulipopita. Maabara hukipaka kipande wino pembeni, ili chini ya hadubini daktari ajue ukingo halisi uko wapi. Kisha anaangalia: je, seli mbovu zimefika kwenye wino?

Kama hazikufika, majinzi ni safi. Daktari alikata kwenye nyama nzima, ugonjwa wote uko ndani ya kipande. Kama zimefika, huandikwa kwamba majinzi yameguswa, au ni chanya. Hapo ukingo wa kipande una ugonjwa, na pengine kilichobaki mwilini kina ugonjwa pia. Nasema pengine, kwa sababu moto wa waya huua seli za jirani, na kidonda kinapopona huondoa nyingine. Wengi walioguswa majinzi hawarudiwi na ugonjwa. Lakini hatari yao ni kubwa kuliko ya wenye majinzi safi, kwa hiyo hawaruhusiwi kupotea.

Kuna jibu la tatu: majinzi hayasomeki. Moto umeunguza ukingo hadi seli hazitambuliki. Hili nalo linataka ufuatiliaji wa karibu.

Karatasi ya pili ya mama yetu inasema: "CIN 3. Hakuna uvamizi. Majinzi ya nje ni safi. Majinzi ya ndani yameguswa." Nje ni upande unaoonekana daktari akichungulia. Ndani ni upande unaopanda kwenye mfereji wa kizazi, usioonekana kirahisi. Kwa hiyo habari njema ni kwamba kipande kikubwa nacho hakina saratani. Habari ya kufanyia kazi ni kwamba upande uliofichika huenda umebakiwa na kitu. Daktari anaweza kumpangia kipimo kingine baada ya miezi 6, na kama bado ugonjwa upo, kukatwa tena. Tarehe hiyo ya miezi 6 ndiyo sehemu kubwa ya tiba yake sasa. Ikiangukia wakati wa mavuno, mavuno yapewe mtu mwingine siku hiyo.

Angalizo moja. Kwenye karatasi ya kwanza, ile ya punje, usitafute majinzi. Punje ilichukuliwa kwa ajili ya kupima, haikuchukuliwa ili kuondoa ugonjwa wote. Kukosekana kwa neno hilo si kasoro.

NA KAMA IMEANDIKWA SARATANI?

Neno gredi linarudi tena, lakini kwa maana nyingine. Kwenye saratani, gredi inasema seli zimepotoka kiasi gani zikilinganishwa na seli zilikotoka. Gredi ya 1 bado zinafanana na mama zao, gredi ya 3 zimepotea kabisa na kwa kawaida hukua haraka zaidi. Hata hapa gredi si hatua. Mtu anaweza kuwa na gredi ya 3 na saratani ikawa bado ndogo, hatua ya kwanza, ya kupona. Mwingine ana gredi ya 1 iliyokwisha kusambaa. Kinachoamua zaidi kama atapelekwa kwenye upasuaji, au Ocean Road Dar es Salaam kwa mionzi, ni hatua. Kwa hiyo karatasi ikitaja saratani, swali la kumuuliza daktari ni hili: "Nipimwe nini tena ili tujue hatua?"

MASWALI YA KWENDA NAYO

Yaandike nyuma ya kadi yako, kwa sababu mbele ya daktari mtu husahau:

1. Je, kuna uvamizi au hakuna?
2. Kama ni binaini, ni binaini ya nini, na inatibiwa?
3. Kama ni displasia, ni gredi ya chini au ya juu?
4. Kama nilikatwa kipande kikubwa, majinzi yakoje, ya nje na ya ndani?
5. Nirudi tarehe gani?

Wakati unasubiri, matone ya damu kwa siku chache baada ya kuchukuliwa kinyama ni kawaida. Damu ikitoka nyingi kuliko hedhi, au ukipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, usingoje majibu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tendo la ndoa lisubiri mpaka muda aliokuambia daktari. Baada ya kukatwa kwa waya wa umeme, huwa ni kama wiki 4.

Na karatasi yenyewe usimwachie mtu moja kwa moja. Toa kopi, moja ibaki nyumbani pamoja na kadi ya kliniki. Miezi 6 ikifika huenda utakutana na daktari mwingine kabisa, na kitu cha kwanza atakachokuuliza ni kilichoandikwa kwenye mstari ule wa mwisho.